Sumaku na tangi la sosi ya nyanya

"Wakuu, nataka tangi la lita 500 la kupikia sosi ya nyanya hapa Moshi. Fundi anasema sumaku ikinasa, hiyo si stenlesi. Nichukue gredi gani?"

Mkuu, chukua 316L kwa sehemu zote zinazogusa sosi. Sumaku ya fundi wako itakupotosha.

Stenlesi hukinga kutu kwa kromu. Jamii ya austeniti, kama 304 na 316, huongezewa nikeli, ndiyo maana hainasi sumaku. Jamii ya feriti, kama 430, ina kromu ya kutosha, karibu asilimia 17, ila haina nikeli. Inanasa, na ni stenlesi halali. Kwa upande mwingine kuna 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa na manganizi. Nayo hainasi, kwa hiyo muuzaji mjanja akikupa 201 kwa jina la 304, sumaku itampitisha. Halafu 304 halisi huvuta kidogo pale ilipokunjwa. Kipimo gani hicho?

Udhaifu wa 430 unaonekana kwenye kuchomelea. Niliwahi kuitwa Njiro kuangalia tangi la 430: shiti nzima inang'aa, lakini kandokando ya kila mshono kuna mstari wa kutu, na kona moja imepasuka. Moto ulikuwa umekuza chembe za chuma zikawa kubwa na dhaifu, na kromu ya hapo ikashikwa na kaboni. Kwa kifuniko cha nje kisichochomelewa, 430 haina shida.

Sasa sosi yako. Ukiweka chumvi asilimia 2, kila lita ina kloridi kama gramu 12, pamoja na siki, kwenye nyuzi 90. Kwa maji ya kawaida yasiyo moto, 304 huanza kutiliwa shaka kloridi ikipita kama miligramu 200 kwa lita. Ingekuwa maziwa, ningekuambia 304L na tungemaliza. Kwa sosi, unahitaji molibdenamu ya 316L, asilimia 2 hadi 3, inayozuia vitobo. Hata hivyo usiache sosi ilale humo ikiwa moto. Chumvi na joto huweza kuipasua hata 316L.

Tangi la kipenyo cha sentimita 80 na kimo cha mita 1.2, shiti ya milimita 2, linakula kama kilo 56. Miguu tengeneza kwa 304 upunguze gharama.

Dai cheti cha kiwandani: kaboni isizidi asilimia 0.03, na namba ya mkupuo ifanane na iliyochapwa kwenye shiti. Fundi achomelee kwa tigi na waya wa ER316L, gesi ya agoni ipite na upande wa ndani. Ukiona rangi ya bluu au kahawia ndani ya mshono, usilipokee tangi mpaka aiondoe kwa dawa ya asidi ya kusafishia stenlesi na kulisuuza vizuri. Brashi ya chuma cha kawaida asiiguse kabisa, maana huacha chembe zinazoshika kutu.

Na Jiki usiloweke humo usiku kucha.