Maji ya Zamu ya Jirani: Kupanda Dokezo Mapema katika Hadithi Fupi ya Taharuki

Mwaka jana niliandika hadithi fupi ya taharuki yenye maneno yapatayo 2,400, kuhusu kijana aitwaye Deo, karani anayekimbia na daftari linaloonyesha wizi wa fedha kazini kwake na kujificha kwa bibi yake, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilichoko juu ya mji wa Moshi. Usiku wa mwisho mtu aliyetumwa kumfuata anafika akiwa na bastola, simu ya Deo imekwisha chaji, na mimi mwandishi, nikiwa sina pa kumtoa, nikaleta gari la polisi. Rafiki yangu mmoja anayefundisha Kiswahili sekondari aliisoma, akanirudishia karatasi na kuniuliza swali moja tu: “Hawa polisi walikuwa wapi tangu mwanzo?”

Swali hilo lilinifanya niiandike upya hadithi yote. Bahati inaruhusiwa kumwingiza mhusika matatani, kwa mfano muuaji kumwona Deo akipanda daladala, na hakuna msomaji atakayelalamika. Bahati hiyohiyo ikimtoa matatani, msomaji huona kwamba mwandishi amejipendelea. Kinachomwokoa mhusika sharti kiwe kimekwishapita mbele ya macho ya msomaji kama dokezo, na sharti mhusika mwenyewe akitumie kwa uamuzi wake.

Nilianza kutafuta kitu ambacho tayari kilikuwamo katika mazingira ya hadithi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ipo mifereji ya asili, ambayo wenyeji huiita mifongo, inayoteremsha maji kutoka juu kwenda kwenye vihamba, na watu hugawana maji hayo kwa zamu. Mtu anayetaka maji yaingie kwake huuziba mfereji kwa mawe, udongo na vigogo vya migomba, maji yakageukia shambani. Akifanya hivyo wakati wa zamu ya mwenzake, atatafutwa usiku huohuo. Hapo nikaupata mwisho: Deo, aliyejibanza migombani, hawezi kupiga kelele kwa sababu sauti itamwonyesha alipo, lakini anaweza kutambaa hadi mferejini na kuyaziba maji ya jirani aliye chini. Baada ya muda mfupi jirani na wanawe watapanda mlimani na tochi na majembe, wamejaa hasira, na watakayemkuta amesimama kando ya mfereji ni yule mgeni mwenye bastola.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la umbali. Niliueleza utaratibu wa zamu karibu na neno la 2,000, Deo akiwa tayari anawindwa, na kila aliyesoma alijua kwamba maelezo hayo yamekuja kufanya kazi. Katika hadithi ya urefu huo, mimi sasa huliweka dokezo kuu ndani ya robo ya kwanza, kisha naligusa mara moja tu katikati kabla ya kulitumia.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kuliona. Nilipolisogeza dokezo hadi mwanzoni, nilimfanya bibi aseme, “Mjukuu wangu, ukiyafunga maji hapa, watu wote wa huko chini watakuja juu.” Sentensi hiyo ni kanuni tupu, na msomaji wa hadithi za taharuki akipewa kanuni huiweka mfukoni na kusubiri. Wasomaji wangu wawili kati ya watatu walikisia mwisho wakiwa nusu ya njia.

Dawa yake ilikuwa kuonyesha tukio badala ya kutamka kanuni, na kulipa tukio hilo kazi nyingine inayoonekana. Katika toleo la mwisho, asubuhi ya pili, bibi anayageuza maji kwa ukaidi wake ili amwagilie mboga, ingawa zamu si yake, kisha anaingia ndani kumtilia Deo uji. Kabla kikombe hakijaisha, jirani yuko uani na jembe begani, akifoka. Anagombana na bibi, halafu ghafla ananyamaza, kwa sababu amemwona Deo mlangoni pamoja na mkoba wake. Macho ya msomaji yanahamia hapohapo: maficho yamejulikana, na habari itateremka hadi mjini. Hofu hiyo ni ya kweli, kwani ndiyo inayomleta muuaji, na kwa hiyo hakuna anayebaki akiyafikiria maji. Dokezo limefichwa nyuma ya matokeo yake lenyewe.

Kikombe cha uji nacho kilikuwa na kazi yake. Kilimwambia msomaji, bila kutaja dakika, kwamba mtu wa chini hufika upesi, lakini si mara moja, na usiku wa mwisho muda huo ndio Deo anaotakiwa kubaki hai baada ya kuziba maji. Bila kipimo hicho, majirani wangetokea pale tu ninapowahitaji, na ningekuwa nimerudi kwenye gari la polisi kwa njia ndefu.

Mguso wa katikati ulikuwa sentensi moja. Deo amekosa usingizi, anasikia maji yakipita nje, na anakumbuka kwamba usiku wa Alhamisi ni zamu ya jirani. Msomaji anaichukua kama dalili ya wasiwasi, ilhali inathibitisha kwamba maji yatakuwapo mferejini na ni ya nani.

Lilikuwapo pia panga la marehemu babu, nililolitundika juu ya mlango kwa ajili ya mapambo tu. Wasomaji wote waliniuliza lilikuwa na maana gani. Panga katika hadithi ya taharuki halijui kuwa pambo! Badala ya kulifuta, nilimfanya muuaji alione kwanza na kulitupa migombani alipokuwa akiipekua nyumba. Hivyo njia ambayo kila mtu aliitarajia ikafungwa, na Deo akalazimika kutazama kwingine.

Ili kujua kama dokezo limekaa sawa, huwa nampa msomaji hadithi bila ukurasa wa mwisho na kumwomba anisimulie alichosoma. Akilitaja dokezo kama jambo la pekee, limepiga kelele mno. Asipolikumbuka hata baada ya kusoma mwisho, limezama. Ninachokitaka ni kwamba alisimulie ndani ya tukio lake, yaani ule ugomvi wa asubuhi, pasipo kulipa uzito. Kipimo hiki kina mpaka wake, kwa sababu msomaji wa Machame ameishi na mfongo na hunusa mapema, ilhali wa Tanga huenda akahitaji neno moja la ziada. Niliwapa wote wawili, nikaandika kwa kiasi cha yule wa Tanga, nikakubali kwamba wa Machame atanitangulia kidogo.

Jambo la mwisho nililolifuta lilikuwa aya ambamo Deo, akiwa amelala matopeni, anakumbuka asubuhi ile ya ugomvi. Niliiweka kwa woga kwamba msomaji amesahau, nayo ikawa inamnyang'anya furaha ya kukumbuka mwenyewe. Sasa Deo anaweka kigogo cha mwisho, sauti ya maji inakatika, muuaji anageuza shingo bila kuelewa kilichobadilika, na huko chini tochi ya kwanza inawaka. Jirani anapofika juu, neno lake la kwanza ni lilelile alilomfokea bibi asubuhi ile ya kikombe cha uji: “Nani amechukua maji yangu?”