Ninunue nafaka lini?

"Bei hushuka sana wakati wa mavuno, je, ninunue mzigo wote siku hizo hizo?"

Hapana, na ndugu anayesema kwamba bei ya chini ndiyo faida yuko sahihi nusu tu, kwa kuwa nafaka ya mwanzo wa mavuno mara nyingi huwa bado mbichi: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa hadi asilimia 13, hubaki takriban kilo 94, yaani gharama ya kila kilo kavu imepanda kwa asilimia 6 hivi kabla hujalipia ghala. Mimi husubiri wiki chache, hadi punje ivunjike kwa mlio kati ya meno, ingawa kipimo cha unyevu ni cha kuaminika zaidi. Kwa mtaji wa mkopo, hesabu hubadilika, kwa kuwa riba nayo huingia kwenye gharama.