IGMP Snooping bila Querier

"Nimewasha IGMP Snooping kwenye swichi za kiwanda chetu hapa Jinja, lakini vifaa hupoteza mawasiliano na kidhibiti baada ya dakika chache. Niizime?"

Ndugu, tafadhali usiizime, kwa sababu vifaa 20 vinavyotuma multikasti kila milisekunde 10 vitamwaga pakiti 2,000 kwa sekunde kwenye kila poti, hata ile ya printa isiyozihitaji.

Nina hakika kubwa kwamba kinachokosekana ni Querier, yaani kifaa cha kuuliza. Swichi hujua poti ipi inataka kundi lipi kwa kusikiliza majibu ya vifaa, navyo hujibu vinapoulizwa. Mtandao wa mashine usio na ruta ya kuuliza huacha orodha hiyo ifutike, kwa kawaida baada ya sekunde 260, kisha baadhi ya swichi huzitupa pakiti na nyingine huzimwaga kote.

Washa Querier kwenye swichi ya kati, ambayo lazima iwe na anwani ya IP, vyema ndani ya VLAN ya mashine (hapa ndipo wengi hukwama). Zikiwapo mbili, yenye anwani ndogo zaidi ndiyo huuliza. Kwa Cisco:

```
configure terminal
ip igmp snooping querier
end
show ip igmp snooping groups
```

Rudia amri ya mwisho baada ya dakika 5. Makundi yakiwa bado yameorodheshwa, Querier inafanya kazi.