Ada ya bima ya ghala imepanda karibu mara mbili: namna ya kumwandikia mteja na machaguo ya kumpa

*"Wakuu, nipo kwenye ofisi ya udalali wa bima hapa Posta. Mteja wangu ana ghala la vyombo vya nyumbani Vingunguti, bima yake ya moto na majanga mengine inaisha 30 Juni. Mwaka jana alilipa shilingi 2,360,000, kotesheni ya mwaka huu ni 4,295,200. Jengo limebaki milioni 400, mzigo amepandisha kutoka milioni 600 hadi 900, kiwango cha ada kimetoka asilimia 0.20 ya thamani hadi 0.28. Masika haya maji yaliingia ghalani, hasara milioni 7, akalipwa 6,500,000 baada ya eksesi, ile sehemu ya hasara anayobeba mwenyewe. Nimwandikieje barua pepe asikimbie, na nimpe machaguo gani?"*

Mkuu, anza na kikokotoo. Mteja akiona namba mbili tu, anachosoma ni kwamba bima imepanda kwa asilimia 82, na hapo hata maelezo mazuri hayaingii. Ongezeko la 1,935,200 lina vipande viwili, na kimoja amekileta mwenyewe.

Mzigo ulioongezeka ni milioni 300. Kwa kiwango cha zamani cha asilimia 0.20, hiyo ni 600,000, na ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 708,000. Hiki angelipa hata kama kampuni isingegusa kiwango. Kinachobaki ni tofauti ya kiwango, asilimia 0.08 kwa thamani yote ya milioni 1,300, yaani 1,040,000, na pamoja na VAT ni 1,227,200. Jumlisha, unapata 1,935,200 kamili. Kwa hiyo mjadala wako na kampuni ni juu ya hiyo 1,227,200 peke yake, na barua iseme hivyo waziwazi. Kama amesajiliwa VAT, mkumbushe pia aongee na mhasibu wake kuhusu kurejesha sehemu ya kodi, kwani kwake gharama halisi inaweza kuwa ile kabla ya kodi.

Sasa sababu ya kiwango kupanda. Usiandike "hali ya soko". Mwandikie afisa wa kampuni anayepanga ada, muombe sababu kwa maandishi. Madalali wengi hukimbilia kusema bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima nayo hujikatia kwingine, imepanda, na mara nyingine ni kweli, lakini usiliseme kama kampuni haijalisema. Kwa faili hili sababu inaonekana bila kutafuta mbali: kampuni imepokea 2,000,000 kabla ya kodi na kulipa 6,500,000, tena kwa maji, na ghala liko Vingunguti, jirani na bonde la Msimbazi. Anayekumbuka mafuriko ya Desemba 2011 hahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa bima akiona jina la bonde hilo anakunja uso. Kampuni haiogopi zaidi moto wake kuliko mwaka jana. Inaogopa masika yajayo. Shika hilo, maana ndilo linalokupa chaguo la kwanza.

Kampuni nyingi zikiombwa punguzo hujibu kwa kupandisha eksesi ya hati nzima. Tuseme wanakupa asilimia 0.25 ukikubali eksesi itoke asilimia 5 ya hasara, isiyopungua 500,000, iende asilimia 10 isiyopungua 2,000,000. Usikubali haraka. Ghala likiungua na hasara ikawa milioni 400, mteja anabeba milioni 40 badala ya milioni 20, na yote hayo kwa sababu ya maji ya milioni 7. Omba eksesi kubwa ikae kwenye mafuriko na maji ya mvua tu, moto na wizi vibaki kama zamani. Kwa asilimia 0.25 ada ni 3,250,000, na VAT 585,000, jumla 3,835,000. Ameokoa 460,200. Hasara ya maji kama ya mwaka huu ikijirudia, atabeba 2,000,000 badala ya 500,000, yaani 1,500,000 zaidi. Hivyo chaguo hili linamlipa kama maji hayatamrudia kabla ya mwaka wa nne. Mpe hesabu hiyo kama ilivyo, aamue yeye anayeijua sakafu ya ghala lake.

Chaguo la pili ndilo wateja hulitaka wenyewe: "Basi rudisha mzigo milioni 600." Hapa ndipo barua yako inatakiwa kuwa kali kidogo. Anaokoa 991,200 pamoja na kodi, sawa. Lakini hati za moto zina kanuni ya wastani: ukikatia bima theluthi mbili ya mali, unalipwa theluthi mbili ya hasara, hata hasara ikiwa ndogo kuliko kiasi ulichokatia. Ghalani kuna mzigo wa milioni 900, bima ni ya milioni 600, moto unakula wa milioni 90. Fidia inaanzia milioni 60, toa eksesi ya asilimia 5, anapokea milioni 57. Angekatia kamili angepokea milioni 85.5. Wafanyabiashara wengi huamini kwamba kwa kuwa hasara haijafika milioni 600 watalipwa yote, na hujua ukweli siku ya mkadiriaji hasara.

Hata hivyo, hoja yake ina ukweli ndani yake. Muulize mzigo unafika milioni 900 lini. Kwa biashara ya vyombo mara nyingi ni miezi michache, kabla ya sikukuu, miezi mingine ghala liko nusu. Huyo anafaa bima ya mzigo kwa taarifa za kila mwezi. Hati inabeba kikomo cha milioni 900, mwanzoni analipa ada ya mzigo ya muda, kwa kawaida asilimia 75, halafu kila mwezi anapeleka thamani ya mzigo uliopo. Mwisho wa mwaka ada inakokotolewa kwa wastani wa taarifa hizo.

Tuseme wastani wake ni milioni 620, kiwango kikiwa kilekile cha 0.28. Ada ya mzigo ni 1,736,000, jengo 1,120,000, jumla 2,856,000, na VAT 514,080 inakuwa 3,370,080. Ukilinganisha na kotesheni ya sasa ameokoa 925,120, karibu sawa na kile alichotaka kuokoa kwa kukata bima nusunusu, na mwezi wa mzigo mkubwa bado amefunikwa mpaka milioni 900. Mwanzoni atakuwa ameweka 1,890,000 kwa upande wa mzigo, kwa hiyo atarudishiwa 154,000 na kodi yake.

Kinachoharibu aina hii ya bima ni uvivu wa taarifa. Mwezi usiopelekwa taarifa, kampuni huhesabu kana kwamba mzigo ulikuwa milioni 900, na miezi mitano ya namna hiyo inaweza kula karibu nusu ya akiba. Baya zaidi ni kupunguza namba kwa makusudi: taarifa ya mwisho kabla ya hasara ikionyesha pungufu ya mzigo uliokuwepo siku ya taarifa hiyo, fidia inakatwa kwa uwiano huohuo. Usimpendekezee mtu asiyeandika stoo. Na uliza mapema, kuna kampuni hazitoi hati hii kwa mzigo mdogo, na nyingine huweka ukomo wa kiasi wanachorudisha.

Kuhama kampuni ni haki yake, tafuta kotesheni mbili nyingine. Ila fomu mpya itauliza hasara za nyuma, na ile ya masika lazima iandikwe. Ikifichwa, hati nzima inaweza kukataliwa siku ya madai. Kotesheni ikija chini sana, fungua kwanza ukurasa wa majanga yaliyotolewa. Mara nyingi mafuriko hayamo, au yamewekewa kikomo kidogo.

Barua yenyewe iwe fupi, kama hivi:

> Ndugu, habari za kazi.
>
> Bima ya ghala lako la Vingunguti inaisha 30 Juni saa 6 usiku. Kampuni inaomba 4,295,200 kwa mwaka mpya; mwaka jana ulilipa 2,360,000.
>
> Katika ongezeko hilo, 708,000 inatokana na mzigo kupanda kutoka milioni 600 hadi 900 kama ulivyojaza kwenye fomu. 1,227,200 inatokana na kampuni kupandisha kiwango baada ya hasara ya maji ya masika, ambapo ulilipwa 6,500,000.
>
> Una njia tatu. Kwanza, kubaki na masharti yaleyale kwa 4,295,200. Pili, kubeba hasara kubwa zaidi ya maji pekee, kuanzia 2,000,000, na kulipa 3,835,000. Tatu, kutuletea taarifa ya mzigo kila mwezi. Kwa wastani wa milioni 620 mwaka wote utagharimu takribani 3,370,080, na usipoleta taarifa akiba hiyo inapotea.
>
> Sikushauri upunguze thamani ya mzigo. Ukikatia milioni 600 wakati ghalani kuna 900, kila hasara utalipwa theluthi mbili tu. Ushauri wangu ni njia ya tatu, kama vitabu vya stoo vinaandikwa.
>
> Kamisheni yetu ni asilimia ya ada, hivyo ada ikipanda nayo hupanda. Ukitaka kujua kiasi, nitakuandikia.
>
> Naomba jibu kwa maandishi kabla ya 16 Juni, ili malipo yafike kwa wakati.

Sentensi ya kamisheni wengine wataikataa. Mimi naiacha, kwa sababu mteja tayari anaiwaza, na akisikia kwa mtu mwingine kila hesabu uliyompa itaonekana ya kujinufaisha. Namba za njia ya pili na ya tatu usizitume kabla kampuni haijazithibitisha kwa maandishi.

Kabla ya kutuma, mtake pia picha za ghala. Mzigo ukiinuliwa sentimita 15 au zaidi juu ya pileti, mlango ukiwekewa kizingiti na mtaro ukisafishwa, omba kampuni imtume mkaguzi. Ukaguzi huo unafaa ukifanyika kabla ya kotesheni ya mwisho. Baada ya hati kutoka, punguzo linasubiri mwaka mwingine.

Kuhusu tarehe usilegeze. Kwa sheria ya bima ya mwaka 2009 hapa kwetu, hakuna ada hakuna bima, na ahadi ya "nitalipa Ijumaa" haimlindi mtu. Asipokuwa na fedha zote, zipo benki zinazokopesha ada ya bima. Benki inailipa kampuni yote, yeye anarejesha kidogokidogo, ila riba iingie kwenye hesabu ya kulinganisha njia. Alipe moja kwa moja kampuni ya bima, kisha mhakikishe pamoja kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kwamba hati mpya imeingia. Akichagua kuondoa mafuriko kabisa, usikubali kwa simu. Akuandikie mwenyewe, na barua hiyo ikae kwenye faili.