Tumejuana wiki tano, nimnunulie simu?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Mbagala, nauza kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Mshahara wangu ni 420,000 kwa mwezi na kodi ya chumba ni 80,000. Wiki tano zilizopita nilikutana na binti kwenye vikao vya harusi ya binamu yangu. Tumetoka mara tatu, chipsi na juisi, kama 15,000 kila mtoko. Anaishi na mama yake Temeke. Tarehe 20 ni siku yake ya kuzaliwa. Simu yake imepasuka kioo, aliwahi kunisimulia ilivyomdondoka kwenye daladala, tukacheka sana. Nataka kumnunulia mpya ya 480,000. Kikoba chetu kinakopesha kwa riba ya asilimia 10, unarejesha miezi mitatu. Rafiki yangu anasema nikichelewa wenzangu watamuwahi, na simu ikinishinda angalau nimpe doti ya khanga. Kingine ninachokijua juu yake ni kwamba anapenda ubuyu wa Zanzibar kupita kiasi. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hesabu, maana mapenzi yana mahesabu yake hata tukijifanya hatuyaoni. Mkopo huo pamoja na riba ni 528,000, yaani marejesho ya 176,000 kila mwezi. Toa hayo, toa na kodi, unabaki na 164,000. Zigawe kwa siku 30: kama 5,500 kwa siku, nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi humo humo, chakula humo humo, vocha humo humo. Na mitoko mnayoipenda itatoka wapi? Utakuwa umempa simu nzuri ya kukupigia, halafu wewe huna hata ya kumtoa kwa juisi.

Lakini pesa siyo inayonitisha zaidi. Nawaza mwezi wa pili wa marejesho, umekula maandazi mchana, umemtumia ujumbe saa nne asubuhi na hadi saa kumi hajajibu. Angekuwa hajapokea kitu kwako, ungesema yuko bize. Sasa utasema, "Simu nimempa mimi, na bado hanijibu!" Hutalitamka, ila litasikika kwenye sauti. Naye si mtoto. Siku akitaka kukwambia kwamba hajaona mbele na wewe, atakaa nalo moyoni kwa sababu ya hiyo simu. Utamhesabu ni wako kumbe anaona haya tu.

Halafu yupo mama. Binti akiingia na simu mpya, swali la kwanza ni "umeitoa wapi?" Ajibu nini? Kwamba kapewa na kijana wa vikao vya harusi, waliyetoka mara tatu? Hapo ama atadanganya, ama atakutaja kabla hajawa tayari kukutaja. Kipimo changu kwa zawadi ya siku za mwanzo ni hicho hicho: aweze kuieleza nyumbani kwa sentensi moja bila kuinamisha macho. Na isizidi gharama ya mtoko wenu mmoja, ili naye siku akitaka kukurudishia kitu cha ukubwa huo aweze.

Sasa hiyo khanga. Rafiki yako amekwambia kama vile anakushauri kitu kidogo, na kwa bei kweli ni ndogo. Ila khanga inasema, mwanangu, na inasema kwa maandishi. Mimi nikiwa msichana, Tanga, kijana mmoja alinipa doti siku ya pili tu ya kuonana. Nilifurahia rangi, njano na nyeusi, sikuangalia jina. Mama akaitandaza uani ili aikate vipande viwili na kuipinda, akasoma kwa sauti, jirani zetu wawili wakisikiliza huku wakichambua mchele: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Mchele ulisimama. Nikaulizwa ni nini hicho ambacho huyo bwana hakipati. Yule kijana, nilikuja kujua, naye hakuwa ameisoma. Alimwambia muuzaji ampe "yoyote nzuri". Sikuweza kumtazama tena, maskini.

Hata ukichagua jina la heshima, huku kwetu pwani khanga ni vazi la mwilini na la ndani ya nyumba. Mume humpa mkewe, mtoto humpa mama, inaingia kwenye mambo ya posa na harusi. Mwanamume wa wiki tano akiileta, wakubwa wanasoma zaidi ya yaliyoandikwa. Manukato nayo nayaweka kapu hilo hilo. Yatapata siku yake.

Rudi kwenye barua yako, jibu uliliandika mwenyewe mwishoni kana kwamba halina maana. Ubuyu. Tafuta kopo moja la ubuyu wa Zanzibar, ule uliokolea iliki, kwa muuzaji unayemwamini. Angalia mambo mawili. Mfuniko ubane vizuri, kwa sababu ubuyu ukipigwa na unyevu wa Dar unanata na kugandamana kama tope. Na tikisa kopo: punje zikigongana ni mkavu, ukisikia kitu kimoja kizito kinahama, rudisha. Hapo hutafika hata nusu ya gharama ya mtoko. Utaliwa, utaisha, na mama yake atachota pia, tena akiuliza umetoka wapi jibu ni jepesi.

Namna ya kutoa ina uzito wake. Usimpelekee mbele ya wenzake, wala usipange keki na maputo na watu wa kupiga makofi. Mtu akizungukwa na macho hana nafasi ya kuonyesha anachohisi kweli. Mpe mkiwa mnaagana, kituoni, kwenye mfuko wa kawaida. Mwambie tu, "Heri ya kuzaliwa. Nilikumbuka ulivyosema." Halafu apande gari aende. Usimpigie usiku kuuliza kama ameupenda.

Kuhusu kioo: alikuomba, au alikusimulia? Kwa maelezo yako alisimulia, mkacheka. Wewe uko Kariakoo, mafundi wa simu wazuri na wababaishaji unawajua. Mwambie akitaka utampeleka kwa fundi asiyebadilisha vitu vya ndani kwa siri, na bei mtaulizia pamoja. Alipe mwenyewe. Akikwambia umlipie, hapo mna mazungumzo mengine, nawe utakuwa umejifunza kitu mapema na kwa bei nafuu.

Utajuaje kama hata hicho kidogo kimemlemea? Atasema "ungeacha tu" bila tabasamu, au atashukuru kwa haraka na kubadilisha mada, halafu mtoko unaofuata aanze kuwa na udhuru. Ukiona hivyo usiongeze zawadi, punguza. Akija siku nyingine na karanga za kukaanga kwenye karatasi, akakugawia nusu, endelea taratibu.

Hao "wenzako watakaomuwahi" waache. Anayewahiwa kwa simu ya 480,000 atawahiwa tena kwa ya 900,000, na kikoba chenu hakina hela hizo.

Na kama jina lako umeshaliandikisha kwenye orodha ya wakopaji, mpigie mweka hazina leo aliondoe kabla ya kikao kijacho. Pesa zikishagawiwa, riba inaweza kuhesabika hata ukizirudisha kesho yake.

Shangazi