Digrii 22 Januari, 29 Julai: mgongo umepinda hivyo kweli?

Swali: Daktari habari. Msichana wangu ana miaka 12, hajaanza hedhi, ana skoliosisi, mgongo umepindia upande. Eksirei ya Januari tulipiga Nakuru ikasoma digrii 22, ya Julai tumepiga Kisumu inasema 29. Mmoja ametuambia bresi, mwingine anataja operesheni. Hizo digrii zinapimwa aje, na bresi ni lazima? Nimekutumia picha zote mbili na ripoti.

Jibu: Mzuri mama. Kwanza operesheni weka kando, hapo bado mko mbali. Bresi nitakuja kwayo, lakini tuanze na hizo digrii 7 manake ndizo zimewatia hofu.

Kipimo kinaitwa pembe ya Cobb. Unatafuta pingili ya juu iliyolala upande zaidi kwenye pindo, halafu ya chini iliyolala upande zaidi, unachora mstari juu ya ile ya juu na mwingine chini ya ile ya chini, pembe ya hiyo mistari miwili ndiyo digrii zenu. Siku hizi inachorwa kwa kompyuta, zamani tulikuwa na penseli na protrakta. Shida iko kwa kuchagua pingili. Sasa soma ripoti zako vizuri: ile ya Nakuru wamepima T6 mpaka T11, ya Kisumu wamepima T5 mpaka T12, hizo T ni pingili za kifua zikihesabiwa kutoka juu. Unaona? Nimechora tena kwenye picha ya Januari nikitumia T5 mpaka T12, hata kwa macho T5 imelala kuliko T6, nikapata 26. Kwa hivyo si 22 kwenda 29, ni 26 kwenda 29, na hizo digrii 3 haziniambii kitu, manake watu wawili wakipima filamu ileile wanaweza kutofautiana hadi digrii 5 na hakuna aliyekosea. Mimi husema mgongo umesonga ikizidi 5 kwa pingili zilezile. (Picha ya simu inatosha kwa hili kama uliipiga ukiwa umesimama mbele ya filamu wima, ukiipiga kwa pembeni inadanganya, kwa hivyo mwambie daktari wenu apime mwenyewe kwenye filamu.)

Sasa usifurahi sana mama. Hata kama haijaongezeka, mtoto wako bado ni wa bresi. Sisi huangalia namba pamoja na urefu uliobaki. Kwenye hiyo eksirei ya Julai tazama ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, pale ndipo tunasoma daraja ya Risser, 0 mpaka 5, kile kikofia cha mfupa kinachojitokeza ukuaji ukiendelea. Wake hakijaonekana kabisa, hiyo ni 0, na umesema hajaanza hedhi. Maanake ana mwaka au miaka ya kurefuka haraka mbele yake na hapo ndipo mapindo hukimbia. Mtoto wa digrii 25 mpaka 40 ambaye bado anakua tunampa bresi. Msichana wa digrii 29 aliyemaliza kukua, ningemwambia arudi tuangalie tu, namba ileile lakini jibu tofauti.

Bresi haimnyooshi mgongo ukabaki hivyo, inazuia usiendelee kupinda mpaka akue. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoka 2013, waliovaa bresi asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika digrii 50, wasiovaa ni 48, na waliovaa zaidi ya saa 13 kwa siku walifika karibu asilimia 90 au zaidi. Kwa hivyo kuvaa usiku pekee sababu shuleni anaona haya, hiyo ni kutupa pesa bure. Na bresi ninayosema ni ile ngumu ya plastiki inayopimwa mwilini mwake, si ule mkanda wa kitambaa wa duka la dawa, huo usinunue kabisa. Akishavalishwa apigwe eksirei akiwa nayo, tunataka namba ishuke karibu nusu, isiposhuka fundi akaze au abadilishe mito ya ndani.

Operesheni tunaanza kuizungumzia pindo likifika 45 hadi 50, kwa sababu pindo la kifua likizidi 50 huendelea hata mtu akishamaliza kukua, mara nyingi kama digrii moja kwa mwaka.

Eksirei inayofuata iwe baada ya miezi 4 mpaka 6, asimame, wapige kutoka nyuma ili matiti yasipate mionzi mingi, na mwambie anayesoma aandike T5 mpaka T12. Ikisoma 31 endeleeni kuvaa. Ikisoma 36 hapo kweli imesonga, swali la kwanza nitakalouliza ni saa ngapi kwa siku amekuwa akiivaa.