Gari litafika saa 4. 30 kati ya ndoo hizo...

Sentensi iliyoniadabisha niliiandika mwenyewe, nikiwa mezani kwangu Barabara ya Nyerere, kumwarifu mteja wetu wa Mbagala kuhusu ndoo 80 za rangi alizoagiza:

"Gari litafika dukani kwenu kesho saa 4. 30 kati ya ndoo hizo ni nyeupe, zilizobaki ni krimu."

Isome haraka kwenye simu, kama alivyoisoma mtunza stoo wao. Kwangu ile nukta ilifunga sentensi. Kwake ilikuwa nukta ya saa, maana wengi wetu huandika saa 4.30 hivyohivyo, na ile nafasi ndogo baada ya nukta nani anaiona? Kesho yake kirikuu kikafika saa nne kamili. Dereva akanipigia: "Dada, hapa kuna kufuli tu." Mtunza stoo akatokea saa nne na nusu, hana haraka, na kwa mujibu wa barua yangu hakuwa amechelewa.

Halafu likaja la pili. Ile 30 ilikuwa imeshamezwa na saa, kwa hiyo kwenye barua yangu hakuiona hesabu ya ndoo nyeupe. Akagoma kusaini hati ya kupokea mzigo mpaka nitume barua pepe nyingine. Alikuwa na haki.

Msomaji hujua sentensi mpya imeanza kwa kuona herufi kubwa. Tarakimu haina kubwa wala ndogo, hivyo ikikaa baada ya nukta kinachobaki ni ile nukta peke yake, na nukta kati ya tarakimu mbili ina kazi nyingine: ya saa au ya desimali. "Tumeleta katoni 12. 8 zimebaki" inasomeka kama katoni kumi na mbili nukta nane.

Wanaoandika Kiingereza huhangaika zaidi na hili, kwa sababu kwao idadi hutangulia kitu. Sisi kitu ndicho kinachotangulia: ndoo 30, asilimia 50, mwaka 2024, tarehe 15 Machi, Sh 450,000. Kwa hiyo tarakimu ikikaa mwanzoni mwa sentensi yetu, mara nyingi kuna neno tumeliacha. Lirudishe tu:

"Gari litafika dukani kwenu kesho saa 4:00 asubuhi. Ndoo 30 kati ya hizo ni nyeupe na ndoo 50 zilizobaki ni krimu."

Neno "asubuhi" peke yake lingetosha kuniokoa siku ile, lakini sipendi kutegemea bahati.

Kama hutaki kurudia jina la kitu, na idadi ni ndogo, anza kwa neno: "Miwili kati ya mikebe hiyo imepasuka." Hapo maneno yana faida ambayo tarakimu haina, kwani "miwili" inashika ngeli na kuonyesha kwamba tunazungumzia mikebe, siyo ndoo. "2" haisemi kitu. Idadi ikiwa kubwa, usimchoshe mtu kwa "Mia tatu arobaini na saba ya mifuko..." Geuza sentensi: "Tumepokea mifuko 347."

Katikati ya sentensi, ofisini kwetu tunaandika moja hadi tisa kwa maneno na kuanzia 10 kwa tarakimu. Saa, tarehe, vipimo na fedha ni tarakimu daima. Na vitu vya aina moja vikikutana kwenye sentensi moja, vyote vivae sare: "ndoo 3 za bluu na ndoo 14 za kijivu", hata kama 3 ni ndogo.

Kwenye fedha mimi ni mkali kidogo. "Elfu ishirini na tano" ni 25,000 au ni 20,005? Kwa mdomo, nauli ya mzigo, hakuna anayekosea, kwa kuwa hakuna anayetoza shilingi tano. Lakini iandike kuwa idadi ya misumari au vigae na swali linakuwa la kweli. "Laki mbili na ishirini" nayo Kariakoo ni 220,000, ila ukiifuata neno kwa neno ni 200,020. Kwenye barua pepe naandika 220,000 na mkato wake, basi. Hundi ni habari nyingine: pale kiasi huandikwa kwa njia zote mbili, na vikipingana benki inaweza kukurudishia.

Siku hizi kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, napitisha jicho kwenye nukta tu, moja baada ya nyingine, nione kinachofuata. Barua ya mistari kumi haimalizi nusu dakika. Mtunza stoo wa Mbagala bado hunipigia kuuliza saa, hata nikiandika "asubuhi".